Mfuko wa Dagaa: Kusimulia Kisa Chako kwa Kiingereza

Mshonaji mmoja wa Kigamboni, ambaye huja kwenye darasa langu la jioni akishafunga cherehani, ana kisa ambacho akikisimulia kwa Kiswahili kila mtu huacha kalamu. Jumamosi moja alikuwa anapeleka Magomeni magauni manne ya wasimamizi wa bi harusi. Alikuwa ameyakunja ndani ya shangazi kaja, ule mfuko mkubwa wa mirabamiraba ambao kwenye pantoni hukosi kuuona mkononi mwa mtu. Akautua chini, kando ya mfuko mwingine kama huo huo. Pantoni ikafunga Magogoni, watu wakasukumana kushuka, naye akanyakua mfuko akaenda zake. Soko la samaki liko hapo hapo, kwa hiyo hata pua haikumwambia kitu. Kufika Magomeni, shangazi yake bi harusi akafungua zipu mbele ya ukoo mzima. Mfuko umejaa dagaa.

Siku moja nikamwomba akisimulie kwa Kiingereza. Niliweka simu mezani irekodi, kwa idhini yake. Alizungumza dakika tatu na nusu, na dagaa walitokea dakika ya tatu. Haya ndiyo maneno aliyoanza nayo, kama alivyoyasema: "One day I woke up in the morning. I took a bath. I drank tea. And then I took the clothes, and then I went to the ferry, and then I met one mother, and then he put his bag down, and then I reached Magomeni at three in the morning." Alipomaliza, kijana mmoja anayeendesha gari la watalii akauliza, kwa adabu kabisa, "Sorry, whose bag?"

Swali lile lilimuumiza, na mimi lilinikaa moyoni. Mwanamke huyu ni msimulizi hodari. Hakukosa msamiati, maana maneno yote aliyoyahitaji alikuwa nayo. Ila kwa Kiswahili kuna kazi ambayo lugha yenyewe humfanyia bila yeye kujua, na alipovuka kwenda Kiingereza kazi hiyo ikabaki bila mtu wa kuifanya.

Kwanza ni ile "ka". Mtu akisema nikatua, ikafunga, wakasukumana, nikanyakua, kila kitenzi kimeshikana na kilichotangulia kama shanga kwenye uzi. Msikilizaji anajua tuko ndani ya kisa, na anajua lipi lilianza na lipi lilifuata. Kiingereza hakina silabi ya namna hiyo. Mswahili akiitafuta asiipate, huokota "and then" na kuibandika kila mahali. Nilihesabu kwenye rekodi ya mshonaji wangu: alizitumia mara ishirini na tatu. Mwingereza akizisikia nyingi namna hiyo hudhani anasikiliza mtoto, kwa sababu watoto wao wadogo ndio wanaosimulia hivyo.

Dawa yake ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani. Katika Kiingereza, vitenzi vya wakati uliopita wa kawaida vikipangwa mfululizo, mpangilio wenyewe unatosha kuonyesha kilichotangulia. Mwaka 1967, mwanaisimu wa Marekani William Labov pamoja na mwenzake Joshua Waletzky walichapisha uchunguzi wa visa ambavyo watu wa kawaida husimulia kuhusu maisha yao. Mojawapo ya maswali ambayo Labov alipenda kuwauliza watu wa New York ni kama waliwahi kufikwa na jambo wakadhani wanakufa, kwa sababu mtu akiulizwa hivyo husahau kuchunga lugha yake na kuanza kusimulia kwa dhati. Walionyesha kwamba uti wa mgongo wa kisa ni sentensi mbili tu zinazofuatana, ambazo ukizibadilisha nafasi, tukio lenyewe linabadilika. "I screamed and he ran" ni kisa kimoja. "He ran and I screamed" ni kingine. Hakuna "then" popote, na hakuna anayechanganyikiwa.

Kwa hiyo nilimpa mshonaji karatasi yenye maneno yake mwenyewe na kalamu, nikamwambia azikate "and then" zote abakize moja, mahali ambapo anataka msikilizaji ashtuke. Aliibakiza kabla ya zipu kufunguliwa. Baadaye hata hiyo akaiondoa.

Mwalimu mwingine angeanza na mambo mengine, lakini mimi baada ya "ka" huenda kwa watu wa kwenye kisa. Kiswahili hakijali jinsia ya mtu: akasema ni akasema, awe bibi au babu. Kiingereza kinakulazimisha uchague kila mara, na mtu akiwa amezama kwenye simulizi ulimi huchukua kilicho karibu. Ndiyo maana "one mother" aligeuka "he" katika sentensi ile ile, na yule dereva akapotea. Anapoandika, mshonaji huyu hakosei "he" na "she" hata mara moja. Anapokosea ni pale anaposimulia kwa haraka, kwa hiyo kumfundisha tena kanuni hakumsaidii. Tulichofanya ni kupunguza watu wa kwenye kisa hadi wanne, na kila mmoja tukampa jina lake la kudumu: shangazi wa bi harusi, bibi wa bi harusi, mama mzee, na yeye mwenyewe. Kila zamu ikihama kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine, anataja jina kamili kwanza, ndipo aseme "she". Wote ni wanawake, kwa hiyo hata Mwingereza mwenyewe asingeweza kuwatofautisha kwa "she" pekee.

Hapo kuna zawadi ambayo Mswahili anayo na haitumii. Watu hulalamika kwamba "a" na "the" hazishikiki, kumbe tukisimulia huwa tunafanya jambo lile lile kila siku. Mara ya kwanza tunasema mama mmoja, mara ya pili tunasema yule mama. Mama mmoja ni "an old woman", na yule mama ni "the old woman". Ukisikia "mmoja" kichwani mwako, weka "a" au "an". Ukisikia "yule", weka "the". Kanuni hii ina mpaka wake: kitu ambacho msikilizaji anatarajia kiwepo kimoja tu hupata "the" tangu mwanzo. Ukishataja harusi, bi harusi ni "the bride" moja kwa moja, kwa kuwa harusi haina mabibi harusi wasiojulikana. Na yule "one mother" aachwe kabisa. Kwetu mwanamke yeyote mtu mzima ni mama, lakini masikioni mwa Mwingereza "mother" lazima awe mama wa mtu fulani, naye atabaki anasubiri kuambiwa ni wa nani.

Sasa tuje kwenye mwanzo wenyewe. Wengi wetu tulizoezwa shuleni kuanza insha ya Kiingereza kwa kuamka asubuhi, jua likichomoza na ndege wakilia, na sentensi hizo zilipewa alama. Katika mazungumzo zinakula muda na hazileti kitu. Anayekusikiliza anataka mambo mawili: kwanza ajue kwamba kisa kinakuja, ili akuachie nafasi ya kuzungumza, na pili apewe yale tu ambayo bila hayo hataelewa kitakachotokea. Jambo la kwanza kwetu hulifanya kwa kusema "Wee, juzi yalinikuta!" na mwenzako akajibu "Ehe, yapi tena?" Kwa Kiingereza sentensi moja inatosha: "Something strange happened to me on the ferry." Mwingine atajibu "Really? What happened?" na hapo umeshapewa ruhusa. Hakuna haja ya "Once upon a time". Hayo ni ya ngano, kama paukwa na pakawa.

Hilo la pili ndilo lililotuchukua jioni nzima. Nilimuuliza: ukiondoa chai, dagaa wanabaki? Wanabaki. Ukiondoa kuoga? Wanabaki. Nauli ya pantoni? Wanabaki. Ukiondoa shangazi kaja je? Akanyamaza, kisha akasema, "Mwalimu, hapo kisa hakipo." Mtanzania akisikia shangazi kaja anajua papo hapo kwamba mifuko hiyo hufanana, na pengine ameshaanza kutabasamu. Mgeni hana habari hiyo. Ukimwambia "a bag" ataona begi lolote, na atashangaa mtu anawezaje kuchukua begi la mwenzake. Kwa hiyo zile sekunde zote zilizotumika kwenye chai zihamie hapa: "one of those big checked bags that everybody here has". Maneno haya kumi ndiyo yanayobeba kisa kizima.

Na saa. Alipofika Magomeni ilikuwa saa tatu asubuhi, na ulimi wake ukatafsiri tarakimu: "three in the morning". Mwingereza aliyesikia hivyo aliona pantoni inavuka usiku wa manane na ukoo mzima uko macho. Saa zetu huanza kuhesabiwa jua linapochomoza, zao huanza usiku wa manane, kwa hiyo saa tatu asubuhi ni "nine in the morning". Watu wanaijua tofauti hii, lakini katikati ya kisa huisahau. Kama saa haina kazi kwenye kisa, iache.

Baada ya hapo kuna suala la vitenzi vya mwanzoni. Hali iliyokuwa ikiendelea, kabla jambo halijatokea, inahitaji umbo lake: nilikuwa nikipeleka magauni ni "I was taking the dresses". Kisha jambo linapotokea unaingia kwenye umbo fupi: "I put the bag down." Msikilizaji akisikia umbo linabadilika, hujua kisa kimeanza kutembea. Hapa Waswahili hatuna shida kubwa, ila mahali pamoja. Sisi husema alikuwa ameketi, alikuwa amevaa kanga, alikuwa amelala. Ile "me" humvuta mtu kwenye "had": "she had sat", "she had worn". Lakini kwa Kiingereza "she had worn a red kanga" ina maana kwamba aliivaa kabla, na pengine alishaivua. Mtu ambaye kanga iko mwilini mwake wakati huo ni "she was wearing". Aliyeketi ni "she was sitting". Vitenzi vya mkao na mavazi ndivyo vya kuchunga. Kwa kisa cha mfuko hili si dogo, kama mtakavyoona.

Katikati ya kisa kuna jambo moja tu, nalo ni zipu inayofunguka. Kosa la kawaida ni kulipita kwa mwendo ule ule uliotumika kufika kituoni. Labov aliona kwamba msimulizi mzuri, akifika kileleni, husimamisha matendo na kukaa hapo kidogo, akionyesha kwa namna fulani kwa nini jambo hili linastahili kusimuliwa. Asipofanya hivyo, msikilizaji hubaki na swali la "Sasa?" hata kama halitamki. Kusimama huko si lazima kuwe kwa kusema "I was very shocked", maneno ambayo mshonaji wangu alikuwa ameyasema mara mbili bila mtu kushtuka. Nikamuuliza chumba kilikuwaje. Akasema hakuna aliyesema neno. Halafu? Halafu bibi yake bi harusi, aliyekuwa kwenye mkeka pembeni, akasema, "Basi, mboga imepatikana."

Hakuwa ameyataja hayo kwa Kiingereza kabisa. Nilipomuuliza kwa nini, akajibu kwamba aliogopa kunukuu, kwa sababu hakuwa na uhakika kama ni "said me" au "told to me". Basi hofu ya neno dogo ilikuwa imemtoa bibi kwenye kisa. "Said" haihitaji kutaja aliyeambiwa: "The bride's grandmother said", kisha unatulia kidogo, kisha maneno yenyewe. "Told" humtaka aliyeambiwa na haipokei "to": "She told me". Na ukinukuu maneno ya mtu kama alivyoyasema, huna haja ya kugeuza nyakati za vitenzi, jambo ambalo ndilo huwaangusha wengi wanaotaka kusema kwamba fulani alisema kwamba.

Mpangilio wa sentensi nao ulihitaji kuguswa. Alikuwa anasema "There were dried fish in the bag when the aunt opened it." Hakuna kosa la sarufi hapo, lakini dagaa wametoka kabla zipu haijafunguliwa. Kiingereza hupenda jambo jipya likae mwishoni mwa sentensi: kwanza shangazi afungue, nukta, kisha samaki.

Mwisho ndio ulionipa kazi nyingine. Toleo la kwanza lilifungwa hivi: "So I learned that we should be careful with our luggage. That is the end of my story." Nusu ya kwanza ni desturi ya insha za shule, ambapo kila kisa hudaiwa funzo. Nusu ya pili ni tangazo, na anayelitoa ni mtu asiyejua atokeje. Kisa kina hatima, yaani jambo lilivyoisha, na baada yake Labov alitaja kipande kingine kidogo ambacho si lazima lakini kinafaa sana: sentensi moja inayomrudisha msikilizaji kutoka siku ile hadi leo. Ikishasemwa, hakuna anayeuliza "Ikawaje?" tena, kwa kuwa tumeshatoka kwenye kisa na tuko mezani tena.

Hatima ya kisa chetu ni hii. Alikimbia kurudi Magogoni. Mama mmoja mzee alikuwa ameketi karibu na geti la kutokea, juu ya ule mfuko. Alikuwa ameufungua, akaona lesi na shanga, akaufunga, akaukalia. Alimwambia, "Nilijua utarudi, mwanangu." Hapo ndipo "had sat" ingeharibu kila kitu, maana mama yule angekuwa ameshanyanyuka na kuondoka. Na "mwanangu" ilibidi iachwe. "My child" kwa Kiingereza, kutoka kwa mtu usiyemjua, ina ugeni ambao kwetu haupo, na upole wa yule mama unasikika hata bila neno hilo.

Baada ya majuma mawili alikisimulia upya. Nakiandika kama kilivyokuwa kwenye rekodi:

"Something strange happened to me on the ferry last May. I'm a dressmaker, and I was taking four dresses to a wedding. They were in one of those big checked bags that everybody here has. I put the bag down next to another one just like it. The ferry docked, everyone pushed, I grabbed a bag and ran. At the house, the whole family was waiting. The bride's aunt opened the bag. It was full of dried fish. Nobody said a word. Then the bride's grandmother said, 'Well, lunch is here.' I ran all the way back to the ferry. An old woman was sitting by the gate, on my bag. She looked up and said, 'I knew you'd come back.' The dresses got there an hour before the wedding. I still use that bag, but now there's a red ribbon on the handle."

Dakika moja na robo, pamoja na vituo. Anayejiandaa kwa mtihani wa kuzungumza wa IELTS anaweza kupima hapo: sehemu ya pili ya mtihani ule humpa mtu dakika moja ya kujiandaa, kisha azungumze dakika moja hadi mbili, na mara nyingi anachoombwa ni kusimulia jambo lililowahi kumpata.

Kuna neno moja kwenye toleo hili ambalo sikumpa mimi. Tazama pale anaposema "I grabbed a bag". Ule mfuko ulishatajwa, kwa hiyo kanuni yangu ya mmoja na yule ingedai "the bag". Yeye aliweka "a". Nilipomuuliza, akasema, "Si nilichukua mfuko mmoja tu, mwalimu. Haukuwa ule." Msikilizaji makini anapata wasiwasi hapo hapo, kabla ya zipu.

Ukitaka kujua kisa chako kina ugonjwa gani, kisimulie kwa mtu asiyekijua na usikilize anachouliza. Akiuliza nani, watu wako wamechanganyika. Akiuliza ilikuwa wapi au kwa nini hukuona mapema, umempa chai badala ya mfuko. Akisema "Oh, nice" na kugeukia simu yake, hukusimama kileleni. Na akikutazama huku akingoja, baada ya wewe kumaliza, ujue hukumrudisha nyumbani. Yule dereva wa watalii aliposikia toleo jipya hakuuliza swali lolote. Alisema "Oh no" kwenye dagaa, akacheka kwenye mboga, na kwenye geti akanyamaza.

Mwezi uliopita mteja mmoja mgeni alifika kwenye kibanda cha mshonaji kupima gauni. Shangazi kaja ilikuwa inaning'inia kwenye msumari nyuma ya cherehani. Yule mteja akainyoosha kidole akauliza, "What's the red ribbon for?" Mshonaji akatoa pini mdomoni, akazichomeka kwenye kito chake, akavuta kigoda cha pili.